KUH: Malalamiko DSP-250815-0392 – Naomba hatua zinazofuata kwa maandishi

Kisumu
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Kwa Meneja,
Kitengo cha Malalamiko ya Kadi

Nimepokea ujumbe wenu wa Jumanne, tarehe 9 Septemba, kuhusu shilingi 27,350 zilizokatwa kwenye akaunti yangu inayoishia 6208. Mmesema mmechunguza mkakuta kadi ilichomekwa kwenye mashine na nambari ya siri ikabonyezwa sawasawa, kwa hivyo malipo ni halali, na kwamba nisipojibu ndani ya siku 7 faili itafungwa. Basi najibu: sikubali faili ifungwe.

Mmenijibu swali ambalo sikuuliza. Sijasema popote kwamba kadi yangu iliibwa. Kadi ni yangu, aliyeichomeka ni mimi, na nambari ya siri niliibonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Ninacholalamikia ni kwamba mashine ilikataa, nikalipa kwa njia nyingine, na pesa zikakatwa kwenye akaunti hata hivyo. Fomu niliyojaza tawini hapa Kisumu tarehe 15 Agosti ilikuwa na kisanduku cha malipo ambayo mteja hayatambui, na kingine cha malipo yaliyokataliwa lakini pesa zikatoka. Nilitia alama hicho cha pili. Nakala yenye muhuri wenu ninayo, nimeiambatisha.

Nitaeleza tena, maana inaonekana aliyeandika ujumbe ule hakuiona fomu.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti, nilikwenda Nakuru kununua vitambaa vya sare kabla shule hazijafunguliwa. Mimi ni fundi, nashona Kibuye. Katika duka la jumla hesabu ilifika 27,350. Saa tano na dakika arubaini na mbili asubuhi nilichomeka kadi, nikabonyeza nambari ya siri, na mashine ikafikiri kwa muda mrefu hadi mama mwenye duka akaanza kuigonga ubavuni. Ikatoa karatasi. Iliandikwa hivi:

```
DECLINED
RESP CODE 91
```

Mama yule alikataa kuniachia mzigo kwa karatasi hiyo, na mimi ningekuwa yeye ningekataa vilevile. Nikalipa kwa M-Pesa kupitia tili yake, dakika saba baadaye, kiasi kilekile. Nambari ya muamala ni THE7K2MX9Q. Simu nikaitia mkobani nikabeba robota langu hadi stejini. Tulipofika Kericho ndipo nilipoona ujumbe wenu mfupi kwamba 27,350 zimetoka kwa kadi saa tano na dakika arubaini na mbili. Yaani vitambaa vilevile vimelipiwa mara mbili.

Karatasi ile ni ya aina inayofifia ikikaa penye joto, na joto la Kisumu mnalijua. Ndiyo maana niliitoa nakala siku iliyofuata, kabla hata ya kuja tawini. Ya asili sasa imebaki kama karatasi ya kufungia peremende, lakini nakala inasomeka vizuri, hadi nambari ya mashine.

Kuhusu hiyo 91: nimeuliza watu wanaofanya kazi na mashine hizi, na wote wamenieleza jambo moja. Si nambari ya salio kupungua wala ya nambari ya siri kukosewa. Maana yake ni kwamba mashine haikupata jibu kutoka benki iliyotoa kadi, au kutoka mtandao ulio katikati. Inawezekana kabisa kwamba upande wenu uliidhinisha na kukata, lakini jibu likachelewa au likapotea njiani, na mashine ikakata tamaa. Hali hiyo ikitokea, ujumbe wa kubatilisha muamala unatakiwa urudi kwenu ili pesa zirejeshwe. Kwa hivyo kusema nambari ya siri ilikuwa sahihi hakutoshi. Swali ni je, ujumbe wa kubatilisha ulifika au haukufika? Na je, hizo 27,350 zililipwa kwa benki ya mwenye duka, au zimekaa tu mahali?

Mama mwenye duka ameangalia hesabu aliyofunga kwenye mashine jioni ya tarehe 14. Ameniambia kwa simu kwamba malipo yangu ya kadi hayamo. Yuko tayari kutoa nakala ya hesabu hiyo benki yake ikimwomba. Hadi jana jioni hakuna aliyemwomba. Sasa sijui uchunguzi mliomaliza ulimchunguza nani.

Nimewapigia simu mara nne. Wa kwanza alisema nisubiri saa 48, wa pili akasema siku 7 za kazi. Wa tatu alikuwa kijana mpole sana, akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, pesa ziko njiani." Wa nne hakuona rekodi yoyote ya hao watatu. Siwalaumu, nao ni watu wa kazi, lakini maneno ya simu hayashikiki. Ndiyo sababu sitaki tena kupigiwa. Naomba mniandikie.

Kwanza kabisa, thibitisheni kwamba faili imefunguliwa upya kama muamala uliokataliwa na pesa zikakatwa, na mnitajie aliyekabidhiwa kwa jina na cheo. Kisha mnieleze hatua inayofuata ni ipi: kama mtaiandikia benki ya mwenye duka, mtaiandikia lini, mtaomba hati gani, na wao wana siku ngapi za kujibu. Mitandao ya kadi huweka ukomo wa muda wa kudai pesa zirudi, nami nataka kujua ukomo wa dai langu ni tarehe gani, na kama dai limeshawasilishwa. Siku 27 zimepita tangu nijaze fomu. Zisije zikahesabiwa dhidi yangu. Nijulisheni pia kama mtanirejeshea kiasi hicho kwa muda wakati uchunguzi ukiendelea. Kama hapana, andikeni hapana na sababu yake.

Na kama mwisho wa yote bado mtashikilia kwamba malipo ni halali, nipeni rekodi mliyoitegemea, ikiwemo saa muamala ulipoidhinishwa na tarehe pesa zilipolipwa upande wa pili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma kikamilifu, nami sioni habari ninayoihitaji kuliko hiyo. Jibu lenu la mwisho likiwa kwa maandishi, nitakuwa na kitu cha kupeleka Benki Kuu ya Kenya ikinilazimu.

Ujumbe wenu ulikuja kwa Kiingereza. Mnaweza kunijibu kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili rasmi, mradi tarehe ziwemo.

Naomba jibu lifike kwa baruapepe hii kabla ya Alhamisi, tarehe 18 Septemba. Nambari kamili ya kadi sikuiandika hapa kwa makusudi, na mtu yeyote akinipigia kuiuliza sitamtajia. Pesa hizi ndizo nilizokuwa nimetenga kwa kodi ya kibanda na kwa nyuzi. Nyuzi nimekopa.

Wenu,

Atieno
Fundi wa sare, Soko la Kibuye, Kisumu
Akaunti inayoishia 6208

Viambatisho: nakala ya karatasi ya mashine, ujumbe wa M-Pesa, ujumbe wenu mfupi wa 14 Agosti, fomu yenye muhuri ya 15 Agosti, taarifa ya akaunti ya Agosti.