Ripoti ya Tathmini ya Kelele na Mtetemo: Karakana ya Vyuma, Kisauni, Mombasa

Karakana hii hutengeneza mageti na madirisha. Upande wa mashariki kuna nyumba tatu, nyuma ya ukuta wa mawe wa mita 1.8. Greinda na kompresa ziko mita 3 tu ndani ya ukuta huo. Mtaa una makazi na maduka, hivyo tumeuhesabu kuwa eneo la mchanganyiko.

Viwango

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mtetemo zinaruhusu eneo kama hili desibeli 55 kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, kwa wastani wa saa 14, na desibeli 35 usiku. Mtetemo usizidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka.

Upimaji

Tulipima tarehe 19 na 20 Agosti 2025, upepo ukiwa mdogo. Kipima sauti cha daraja la 1 kilihakikiwa kwa desibeli 94 kabla na baada ya kazi. Mikrofoni iliwekwa uani kwa jirani, mita 1.5 kutoka chini na mita 3.5 kutoka kila ukuta. Mashine zikifanya kazi tulipata wastani wa 68, zikizimwa 52. Greinda ilipogusa chuma, kipimo kiliruka hadi 81, na mtoto aliyelala ndani akaamka akilia.

Mashine hufanya kazi takriban saa 5 kwa siku. Kwa hesabu ya saa 14, wastani ni 63.7: karibu desibeli 9 juu ya kikomo.

Mtetemo wa mashine ya kukatia bati, uliopimwa ardhini mpakani kwa pande tatu, ulifika sentimita 0.31 kwa sekunde. Sheria haijavunjwa. Lakini tuliona vikombe vikigongana kabatini kila bledi iliposhuka, na hatuwezi kuliacha jambo hilo kwa sababu tu namba iko chini ya kikomo.

Hatua za kupunguza

Greinda na kompresa zihamishiwe upande wa magharibi, mita 13 kutoka pale tulipopimia, badala ya 6.5 za sasa. Umbali ukiongezeka maradufu, kelele hushuka kama desibeli 6. Huko zijengewe kibanda cha matofali mazito chenye paa, mlango ukitazama barabara na kuta za ndani zikifunikwa pamba ya mwamba. Tunatarajia desibeli 6 nyingine. Kwa kuwa kelele ya mtaa, 52, haitapungua, wastani wa saa 14 utakuwa 54.7. Nafasi iliyobaki ni finyu mno, kwa hiyo mlango wa kibanda usiachwe wazi kazi ikiendelea.

Mashine ya bati ikatiwe kipande chake cha sakafu, itenganishwe na ukuta, na ikalie mipira minene.

Kazi ya mashine ikome saa 2:00 usiku, hata kukiwa na oda ya haraka. Tutapima tena mahali palepale ndani ya siku 30 baada ya ujenzi, mashine zote zikiwaka.