YAH: Kutopokelewa kwa mtihani wangu wa AC 312 usiku wa tarehe 20 Juni 2025 kutokana na hitilafu ya mfumo

Neema Elia,
Na. ya usajili AC/2022/0417,
Mwaka wa Tatu, Uhasibu,
Rau, Moshi.

Jumatatu, 23 Juni 2025

Mkuu wa Ofisi ya Mitihani,
Moshi.

Kupitia: Mkuu wa Idara ya Uhasibu

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mtihani wa Ukaguzi wa Hesabu II (AC 312) tulipewa kuufanyia nyumbani, na mwisho wa kuuwasilisha ulikuwa Ijumaa tarehe 20, saa 5:59 usiku. Niliumaliza ndani ya muda. Nilijaribu kuupakia kwenye mfumo mara tatu kabla ya saa hiyo, na mara zote tatu mfumo uliukataa. Leo kwenye ukurasa wangu wa matokeo pameandikwa "Hajawasilisha". Naomba maneno hayo yaondolewe na kazi yangu isahihishwe. Naambatisha picha saba za skrini pamoja na faili lenyewe kwenye flashi.

Nilifika dirishani kwenu leo asubuhi. Afisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri, lakini akaniambia mfumo haukuwa na tatizo kwa sababu wengine wamewasilisha, na kwamba kama nina malalamiko niandike. Ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu kuliko nilivyokusudia.

Saa zote nitazitaja kwa Kiswahili, na pale inapobidi nitaweka namba kama inavyosomeka kwenye picha, maana simu yangu inaonyesha saa 24.

Nilimaliza kuandika saa 5:18 usiku na kuhifadhi kazi kama PDF. Faili linaitwa AC312_0417.pdf na uzito wake ni MB 1.8, wakati mfumo unaruhusu hadi MB 20, kwa hiyo ukubwa haukuwa kikwazo. Nilitumia laptopu, nikiirushia intaneti kutoka kwenye simu. Umeme pale Rau ulikuwepo usiku mzima.

Saa 5:31 nilibonyeza kitufe cha kuwasilisha. Mstari wa kupakia ulijaa hadi asilimia 100, ukakaa hapo kama dakika moja, kisha ukaja ukurasa mweupe wenye maneno haya:

```
504 Gateway Time-out
nginx
```

Hiyo ni Picha ya 1. Niliipiga kwa simu nikiielekeza kwenye laptopu, ndiyo maana imekaa upande na kidole changu kinaonekana pembeni. Nilijaribu tena saa 5:40 nikapata ukurasa uleule. Hiyo ni Picha ya 2, ambayo niliichukua kwenye laptopu yenyewe.

Naomba niseme mapema kabla hamjaliona wenyewe: saa iliyo chini ya Picha ya 2 inasomeka 23:37, si 23:40. Laptopu yangu iko nyuma kwa dakika tatu, na mpaka leo sijairekebisha makusudi ili mtu wa TEHAMA akitaka kuipima aikute ilivyokuwa. Hata mkiamua kuiamini saa ya laptopu kuliko ya simu, bado ni kabla ya mwisho wa muda.

Saa 5:47 niliiacha laptopu nikaingia kwa simu moja kwa moja. Safari hii ujumbe ulibadilika (Picha ya 3):

```
503 Service Temporarily Unavailable
nginx
```

Hapa ndipo penye uzito wa barua yangu. Kama ningekuwa nimeishiwa bando au mtandao wa simu umekatika, ukurasa huo usingeonekana kabisa. Kivinjari cha Chrome kingeniambia chenyewe kwamba hakuna intaneti, kwa maneno kama ERR_INTERNET_DISCONNECTED. Ukurasa wa 504 au 503 hautengenezwi na simu yangu. Unatumwa na seva. Namba 504 maana yake seva ya mbele imelipokea ombi langu, ikalipeleka kwa seva ya nyuma inayohifadhi kazi, ikasubiri jibu mpaka ikachoka. Namba 503 maana yake huduma haipatikani kwa wakati huo, mara nyingi kwa sababu ya kuzidiwa. Mimi nilikuwa nimefika mlangoni na kugonga. Aliye ndani ndiye hakufungua.

Kwa kuogopa muda, saa 5:52 nilituma faili lilelile kwa baruapepe kwa mhadhiri wa somo na nakala kwenye anwani ya ofisi yenu. Picha ya 4 inaonyesha barua hiyo ikiwa kwenye kisanduku cha zilizotumwa. Huu kwangu ndio ushahidi ulio bora kuliko mwingine wote, kwa sababu hauko mikononi mwangu. Barua hiyo ipo kwenye kisanduku chenu, na saa iliyoandikwa juu yake mimi siwezi kuigusa. Inaonyesha pia kwamba dakika tano baada ya mfumo kunikatalia, intaneti yangu iliweza kubeba faili hilohilo.

Saa 5:58 nilijaribu kurudi kwenye mfumo, hata ukurasa wa kuingilia haukufunguka (Picha ya 5). Jaribio hilo silihesabu miongoni mwa yale matatu kwa kuwa sikufika kwenye kitufe. Mfumo ulifunguka saa 6:16 usiku, ambayo kwa tarehe za simu tayari ni Jumamosi 21 Juni, 00:16. Nikakuta kitufe kimefungwa na maneno "Muda wa kuwasilisha umekwisha" (Picha ya 6).

Picha ya 7 ni mazungumzo ya kundi letu la WhatsApp la darasa. Kuanzia saa 5:34 wenzangu walikuwa wanaulizana kama mfumo uko chini. Nimefuta namba na majina yao isipokuwa wawili walioniruhusu. Katika picha hiyohiyo kuna mwenzetu aliyeandika saa 5:44 kwamba yake imepita. Ningeweza kuikata sehemu hiyo lakini nimeiacha. Mfumo uliozidiwa haumkatalii kila mtu. Humpitisha mmoja na kumwangusha anayemfuata. Kwa hiyo ni kweli kwamba wengine waliwasilisha, kama afisa alivyoniambia, na ni kweli pia kwamba mimi nilizuiwa.

Somo lenyewe lilikuwa Ukaguzi, na swali la pili la mtihani huu lilihusu ushahidi. Tumefundishwa, kwa mujibu wa Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 500, kwamba ushahidi unaotoka kwa mtu wa nje una nguvu kuliko ule unaotolewa na mkaguliwa mwenyewe. Katika jambo hili mkaguliwa ni mimi. Najua picha ya skrini inaweza kuchezewa, na sitakasirika mkizitilia shaka zangu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haikatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, bali inataka uangaliwe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa. Kwa sababu hiyo sikuzituma picha kwa WhatsApp, ambayo huzibana picha na kuziondolea taarifa za ndani. Nimeziweka kwenye flashi zikiwa na majina yake ya awali, na simu yenyewe nitakuja nayo siku yoyote mtakayoniita.

Njia ya uhakika zaidi mnayo wenyewe: ni kumbukumbu za seva. Naomba mtu wa TEHAMA aangalie akaunti yangu kati ya saa 5:24 na saa 6:00 usiku. Seva nyingi huandika kumbukumbu zake kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo jaribio la 23:31 huenda limeandikwa 20:31. Nalitaja hili kwa sababu mtu akitafuta 23:31 kwenye kumbukumbu za namna hiyo hatanikuta, na atasema sikuwepo.

Kama kuna wasiwasi kwamba nimeongeza kitu kwenye kazi baada ya muda kupita, faili lililo kwenye baruapepe ya saa 5:52 na lile la kwenye flashi yanaweza kulinganishwa kwa amri hii kwenye kompyuta ya Windows, likipimwa moja baada ya jingine:

```
certutil -hashfile AC312_0417.pdf SHA256
```

Herufi zitakazotoka kwa mafaili yote mawili zikilingana, kazi haijaguswa. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, ombi langu litupeni.

Kosa langu nalikiri. Nilisubiri nusu saa ya mwisho, na mhadhiri alikuwa ametuonya. Lakini tangazo la mtihani lilisema saa 5:59 na si saa 5:00, na mwanafunzi anayefika dakika 28 kabla mlango haujafungwa hajachelewa.

Ninaomba, kwa hiyo, kumbukumbu zikaguliwe, faili nililotuma kwa baruapepe saa 5:52 lipokelewe kama ndiyo kazi yangu, na neno "Hajawasilisha" liondolewe kabla matokeo hayajapelekwa kwenye kikao cha bodi ya mitihani. Ikiwa kanuni hairuhusu kabisa kupokea kazi iliyopita nje ya mfumo, basi naomba nipewe mtihani maalumu, si sapu. Tofauti yake kwangu si ndogo. Alama ya sapu kwa kanuni zetu haizidi C hata ukijibu yote, na itabaki kwenye cheti cha matokeo kwa kosa ambalo si la kutojua somo. Mimi ni mnufaika wa mkopo pia, na matokeo yenye pengo huleta maswali mengine ambayo ningependa kuyaepuka.

Naomba jibu la maandishi, hata likiwa la kukataa, ili nijue kama nikate rufaa na kwa msingi gani. Niko Moshi mpaka tarehe 4 Julai. Baada ya hapo nitakuwa Karatu kwa mafunzo ya vitendo, lakini nikiitwa nitapanda gari asubuhi na kuripoti ofisini siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,

Neema Elia
AC/2022/0417

Viambatisho:
Picha ya 1 hadi ya 7, zimechapwa kwa rangi na ziko pia kwenye flashi
Faili AC312_0417.pdf (flashi)
Ujumbe wa simu wa kununua bando, 20 Juni, saa 4:05 usiku

Nakala:
Mhadhiri wa somo, AC 312
Waziri wa Elimu, Serikali ya Wanafunzi