Ritani za mwaka: leteni makaratasi mapema

Habari zenu wafanyabiashara wangu. Dedilaini ya ritani ni tarehe 30 mwezi huu, lakini mimi nataka makaratasi yenu yawe mezani kwangu kufikia Ijumaa tarehe 20, maana siku za mwisho mtandao unalemewa na watu wote wanaingia kwa pamoja, na ukichelewa hata siku moja faini inakuhusu hata kama hukuuza kitu.

Njoo na namba yako ya mlipakodi, kitambulisho, leseni ya biashara, stetimenti ya benki na ya pesa za simu ya mwaka mzima (ile ya simu ndo wengi mnaisahau na humo ndo mauzo yenu mengi yamepita), daftari la mauzo, na risiti za manunuzi, kodi ya pango, umeme, usafiri na mishahara. Risiti jamani! Gharama isiyo na risiti siwezi kuitoa kwenye hesabu, kwa hiyo utalipa kodi kwenye hela ambayo ulishaitumia, na hiyo inaniuma kweli nikiiona. Zile zinazofifia zipige picha leo leo.

Pia hesabu stoku iliyobaki hadi siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu, uandike kwa bei uliyonunulia, sio ya kuuzia.

Aliyepata hasara naye anajaza, tena asiache, kuna hasara inayoweza kupunguza kodi ya mwakani. Asiye na hela ya kulipa kwa sasa aje hivyo hivyo tujaze kwanza, malipo tutaombea awamu.

Nipo ofisini saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumamosi mwisho saa saba.