Dabi ya Kariakoo: Simba anakuja na deni la tano

Kesho Jumamosi, 20 Aprili 2024, Yanga wanawakaribisha Simba kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na hakuna haja ya kumwambia mtu ni mechi gani. Tangu Novemba, shabiki wa Yanga akikutana na mtani wake hasalimii kwa mdomo. Ananyanyua mkono tu, vidole vitano vikiwa wazi, anapita zake.

Vidole hivyo vilizaliwa Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023. Simba walikuwa wenyeji, wakafungwa 5-1. Watu wengi wanaisimulia mechi ile kana kwamba Simba walizidiwa tangu filimbi ya kwanza, lakini haikuwa hivyo. Kennedy Musonda alifunga mapema kabisa, Kibu Denis akasawazisha kabla ya dakika ya kumi, na timu zikaenda mapumziko 1-1. Kilichotokea baada ya saa moja ya mchezo ndicho kinachouma hadi leo: Maxi Nzengeli, Aziz Ki, Maxi tena, kisha Pacome Zouzoua kwa penalti. Ndani ya dakika 25 hivi Mnyama alikuwa ameshachunwa ngozi. Siku chache baadaye kocha Robertinho akafungashiwa virago.

Hii ni dabi inayoweka daftari, na madeni yake hayafutiki kwa sare mbili tatu. Juni 1968 Yanga waliwapiga watani wao 5-0, enzi hizo Simba wakiitwa Sunderland. Jina la Simba lilikuja 1971, na malipo yakaja Julai 1977, tena na riba: 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Miaka tisa ya kusubiri. Kisha Mei 2012 Simba wakaongeza 5-0 nyingine, wakati Yanga bado hawajalipa zile sita.

Kwa hiyo mzee wa Msimbazi ukimtajia tano za Novemba atakukumbusha mambo mawili. Kwanza, zile za kwake zilikuwa safi, bila bao la kufutia machozi. Pili, sita bado hazijarudi. Hoja zake zina mantiki, ila mjukuu wake aliyezaliwa baada ya 2012 haziwezi kumsaidia shuleni Jumatatu.

Kwenye msimamo wa Ligi Kuu, Yanga wako kileleni na wanautaka ubingwa wa tatu mfululizo, ambao utakuwa wa 30 katika historia yao. Simba wako nafasi ya tatu, nyuma ya Azam. Wale waliotawala kwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, sasa wanahesabu pointi za kuwania nafasi ya pili. Si nafasi ya kubeza: wawili wa juu ndio wanaokwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, na wa tatu anabaki kutazama Kombe la Shirikisho. Kwa klabu iliyozoea kuwaambia wageni kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, kushuka daraja hilo ni aibu ya msimu mzima.

Wote wawili wametoka Afrika na vidonda, ingawa havifanani. Simba walitolewa na Al Ahly robo fainali, 1-0 hapa na 2-0 Cairo, bila kupata bao hata moja. Kabla jeraha halijakauka, Mashujaa wakawatoa Kombe la Shirikisho la nyumbani kule Kigoma kwa penalti. Yanga nao walitoka suluhu mara mbili na Mamelodi Sundowns, wakaondolewa kwa matuta Pretoria. Na lile shuti la Aziz Ki? Mpira uligonga mwamba kwa chini, ukadunda, ukatoka. Mwana Yanga yeyote atakuchorea kwa kidole mezani ulipodunda, ndani ya mstari. Waamuzi wa video wakasema hapana. Timu ya kwanza imetoka Afrika ikijiona ndogo, ya pili imetoka ikijiona imedhulumiwa, na kwa uzoefu wangu mchezaji aliyedhulumiwa hukimbia zaidi.

Lakini kuna mtu mmoja kwenye benchi la Simba anayenifanya nisimalize utabiri haraka. Abdelhak Benchikha hajawahi kukaa kwenye dabi hii, ila Yanga anawajua kuliko wanavyodhani. Mei 2023 alikuja kwenye uwanja huu huu akiwa na USM Alger, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na akawafunga 2-1 mbele ya umati wao. Fiston Mayele aliposawazisha, uwanja ulilipuka. Haikupita muda wageni wakapata la pili. Yanga walishinda 1-0 kule Algiers lakini kombe likabaki huko kwa sheria ya bao la ugenini. Ndiyo, kocha wa Yanga wakati ule alikuwa Nasreddine Nabi, si Miguel Gamondi, na Mayele ameshaondoka. Lakini Djigui Diarra, Dickson Job na Khalid Aucho bado wapo.

Benchikha hufundisha kwa kubana. Timu yake haioni haya kumwachia mpinzani mpira, na hapo ndipo mechi ya kesho itakapoamuliwa. Novemba Simba waliacha uwazi mkubwa kati ya viungo na mabeki, na hakuna kitu Maxi anachokipenda kama uwazi: haanzi akiwa mbele, anatokea nyuma akiwa ameshashika kasi. Fabrice Ngoma akikaa mbele ya Che Malone na Inonga na kutoshawishika kupanda, Yanga watalazimika kupiga krosi na mashuti ya mbali. Akipanda, turudi kwenye vidole. Upande wa pili kuna Clatous Chama, ambaye Aucho hatakiwi kumpa hata sekunde mbili za kugeuka. Shida ya Simba ni nani atamalizia pasi zake, kwani tangu Baleke na Phiri waondoke Januari, washambuliaji wapya hawajanishawishi. Ningemwanzisha Kibu, ambaye Yanga anawafunga hata siku timu ikiwa hoi: alifunga kwenye ile 2-0 ya Aprili mwaka jana, akafunga na Novemba.

Yanga hawana shida hiyo. Aziz Ki anafukuzana na Feisal Salum, mwana Yanga wa zamani aliyeko Azam, kwenye mbio za ufungaji bora, na wafungaji wa namna hiyo huipenda hadhira kubwa. Gamondi mwenyewe ana hesabu yake ndogo: dabi yake ya kwanza, Ngao ya Jamii kule Tanga Agosti, aliipoteza kwa matuta, Ally Salim akipangua penalti tatu.

Na masika haya, uwanja ukiwa mzito, mpira wa pasi fupi unaweza kugeuka bahati nasibu. Nikilazimishwa, nawapa Yanga, ila kwa bao moja tu. Wasilewe hata wakiongoza kwa mengi: Oktoba 2013 walikwenda mapumziko wakiwa mbele 3-0, na mechi ikaisha 3-3.

Mimi nitakuwa natazama saa. Ikifika dakika ya 60 na matokeo bado sare, sitamwangalia mwenye mpira. Nitamwangalia Ngoma, amesimama wapi.