Muhtasari wa webina ya imeili kuishia spamu (video ya saa 1 na dakika 58)

Bosi, pole na safari. Hii ndo ile webina ya juzi uliyoikosa, nimeiangalia yote, sehemu nyingine mara mbili, na nimeibana iingie ukurasa mmoja kama ulivyosema. Kama una dakika 2 tu soma hii aya na inayofuata, mengine yatakusubiri.

Nahitaji ruhusa yako kwa mambo mawili kabla ya Jumatano saa 10 jioni, maana risiti za mwisho wa mwezi zinatoka Alhamisi asubuhi. La kwanza, kijana wa mifumo arekebishe mistari yetu ya DNS, yaani maelezo ya hadharani ya domeni yetu, na tumwandikie mwenye mfumo wa risiti aanze kusaini imeili kwa domeni yetu sio ya kwake. La pili, tuwaondoe kwenye jarida watu kama 900 ambao hawajabonyeza linki yoyote kwa mwaka mzima. La kwanza halina gharama, ni saa chache za kazi. La pili najua litakuuma, nimelieleza chini.

Sasa kwa nini haraka. Masharti ya Gmail na Yahoo kwa wanaotuma kwa wingi yalianza Februari 2024, Outlook nao wakafuata Mei 2025, na sisi siku zote tumekuwa tukisema hayatuhusu kwa sababu Gmail wanahesabu wingi kuanzia kama imeili 5,000 kwa saa 24 kwenda akaunti za kawaida za Gmail, na jarida letu huko linafika watu 3,800 hivi. Mtoa mada wa kwanza akasema kitu kilichonifanya nisimamishe video: wanahesabu domeni nzima, sio kila mfumo peke yake. Mwezi uliopita jarida na risiti zilitoka siku moja. 3,800 jumlisha risiti 1,600 zilizoenda Gmail, ni 5,400. Na ukishavuka mara moja kwao wewe ni mtumaji wa wingi moja kwa moja, hurudi nyuma. Kwa hiyo lile wazo la kutenganisha siku za kutuma (nililitoa mimi mwenyewe, najua) halitusaidii tena kwenye hili.

Wanachotaka kwa kifupi: SPF iwepo, DKIM iwepo, DMARC iwepo, na domeni inayoonekana kwa msomaji pale kwenye "kutoka kwa" ilingane na iliyopita kwenye SPF au DKIM, moja inatosha. SPF ni orodha ya seva tulizoziruhusu kutuma kwa jina letu, DKIM ni saini inayothibitisha nani katuma na kwamba ujumbe haujaguswa njiani, DMARC inaziunganisha hizo mbili na kumwambia mpokeaji afanye nini zikigoma. Basi, hayo mengine ya kiufundi mwachie kijana.

Baada ya kuangalia nikafungua jarida letu la wiki iliyopita na risiti moja nikasoma vile vichwa vya kiufundi. Jarida: DKIM imepita kwa domeni yetu, safi, ila SPF inasema `spf=permerror`. Sababu ni ya kijinga kidogo, tuna mistari miwili ya SPF, mmoja wa zamani na mwingine tulioongeza tulipohamia mfumo mpya wa jarida, na sheria inataka mmoja tu, ikiwa miwili yote inahesabika mibovu. Dawa ni kuiunganisha. Risiti ndo mbaya zaidi: zote mbili, SPF na DKIM, zimepita lakini kwa domeni ya mwenye mfumo, wakati msomaji anaona jina letu. Yaani kwa macho ya Gmail kuna mtu mwingine anatuma kwa jina letu na sisi hatujasema lolote. Na DMARC hatuna kabisa, kiwango cha chini wanachokubali ni hiki:

```
_dmarc  TXT  "v=DMARC1; p=none"
```

Kijana ataongeza hapo anwani ya kupokea ripoti ili tujue nani wote wanatuma kwa jina letu. `p=none` haizuii imeili yoyote, ni kuangalia tu. Kwenye maswali kuna mtu alisema yeye aliruka moja kwa moja hadi `p=reject` na imeili zake halali zikaanza kukataliwa. Sisi tukae kwenye `none` mpaka ripoti zitulie, ndo tupande `quarantine`, yaani zinazogoma ziende spamu. Nembo kuonekana pembeni ya jina letu, ile uliyowahi kuiulizia, inahitaji tuwe tumeshafika huko kwanza, kwa hiyo bado.

Malalamiko. Gmail wanataka wanaobonyeza "hii ni spamu" wabaki chini ya 0.1%, na isifike 0.3% hata siku moja. Inasikika ndogo mpaka uipigie hesabu kwetu: kwa 3,800, watu 12 tu wakibonyeza tumeshavuka 0.3%. Na wanahesabu kwa zilizofika inboksi, zile zilizoishia spamu hazimo, kwa hiyo ukiona namba nzuri usishangilie haraka. Hapa ndo hao 900 wanaingia, mtu asiyetusoma mwaka mzima siku tukimkera hatafuti linki ya kujitoa, anabonyeza spamu. Napendekeza tuwatumie ujumbe mmoja wa "bado unatutaka?" na wasiojibu kwa wiki 2 tuwatoe.

Utasema lakini wanafungua, takwimu zinaonyesha. Hilo nalo liligusiwa: tangu 2021 programu ya imeili ya Apple mtu akiwasha ulinzi wa faragha inapakua yenyewe ile picha inayotumika kuhesabu waliofungua, hata kama hajafungua ujumbe, kwa hiyo namba ya "waliofungua" tunayoiweka kwenye ripoti ya mwezi imevimba. Ndo maana nimetumia waliobonyeza linki. Tutabadilisha na ripoti, ila hilo tuongee ukirudi.

Kujitoa kwa kubonyeza mara moja ni lazima kwenye jarida, na mtu akijitoa tumtoe ndani ya siku 2. Nimeona mstari huu upo kwetu tayari:

```
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Tatizo letu ni upande wa pili, ile orodha ya waliojitoa tunaiingiza kwa mkono kila Ijumaa. Siku 2 hapo hatutimizi. Nimeshamwomba kijana aiunganishe ijiendeshe, hakuhitaji ruhusa. Risiti zenyewe hazidaiwi hiyo linki.

Nilichoruka: dakika 9 za salamu, na karibu nusu saa ya mwisho mtoa mada wa pili alikuwa anauza programu yake, sikuona inachofanya ambacho hatuwezi wenyewe. Ukitaka kusikia kwa masikio yako angalia 0:41 hadi 0:53 tu, ndo hesabu ya domeni na kulingana kwa majina.

Barua ya mwenye mfumo wa risiti nimeshaiandaa, ipo kwenye rasimu. Asipowahi kusaini kabla ya Alhamisi, risiti zitoke hivyo hivyo, watu wanazihitaji, ila jarida tulisogeze Ijumaa ili zisigongane. Ukinijibu "sawa yote" au "sawa la kwanza tu" inatosha, naanza.