Ombi la udhamini wa Siku ya Urembo ya Mtaa

Kamati ya Siku ya Urembo ya Mtaa
24 Agosti 2026

Meneja wa Masoko,
Kampuni ya Mafuta ya Nywele na Ngozi.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA UDHAMINI WA SIKU YA UREMBO YA MTAA, JUMAMOSI TAREHE 14 NOVEMBA 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kamati ya wasusi, vinyozi na wapambaji wa mtaa huu, na mwenyewe nasuka kwa mwaka wa 11 sasa. Tunaandaa Siku ya Urembo kwa mara ya tatu, na tunaomba kampuni yenu iwe mdhamini mkuu.

Nianze na jambo ambalo huenda hamlijui. Mafuta yenu ya chupa kubwa yapo karibu katika kila saluni ya hapa. Mteja hayajui kwa jina. Chupa kubwa ni nzito kuishika huku mkono mwingine umeshika msuko, kwa hiyo tunamimina kwenye vichupa vya kunyunyizia visivyo na lebo, na chupa yenye jina lenu inabaki chini ya meza. Mteja ananusa, anapenda, anauliza, "Hayo mafuta gani?" Msusi anajibu, "Mafuta tu, mdogo wangu," kazi inaendelea. Mnauza kwa msusi, lakini mteja anayeondoka na kichwa kinachong'aa hana habari nanyi. Siku hiyo moja inaweza kurekebisha hilo kuliko tangazo la redioni, kwa maoni yangu.

Shughuli yenyewe ni ya saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni katika uwanja wa shule. Wasusi 20, vinyozi 6, wapaka hina 5 na wapambaji 8 watafanya kazi hadharani, kila mmoja kwenye kiti chake. Watu 60 wa mwanzo kujiandikisha watahudumiwa bure. Jioni kutakuwa na onyesho la mitindo ya nywele jukwaani, na majaji ni mafundi wakongwe wa mtaa. Hatushindanishi sura wala umbo la mtu. Tunashindanisha kazi ya mikono. Mwaka jana tulihesabu watu 430 getini, na hao ni waliopita getini tu, maana vijana wengine waliruka ukuta.

Mchana kuna kikao cha saa nzima na mtaalamu wa ngozi. Atazungumzia mambo mawili yanayotusumbua kila siku. La kwanza ni misuko inayobanwa mpaka kichwa kinauma: ikirudiwa miezi na miezi, nywele za kwenye paji na juu ya masikio huanza kukatika, na mizizi ikishaharibika kabisa hazioti tena. La pili ni krimu za kujichubua. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo, ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukazuia vipodozi vilivyotiwa zebaki. Kwa sababu hiyo hatutapokea mdhamini yeyote anayeuza krimu za kujichubua, hata akija na mzigo wa fedha. Ninyi hamuuzi, na ni sababu mojawapo ya kuwaandikia ninyi kwanza.

Tunachoomba ni hiki: vioo vikubwa 20 vyenye stendi, aproni 40, taulo ndogo 100, mafuta ya kutosha kazi ya siku hiyo pamoja na vichupa 300 vya sampuli vyenye lebo yenu, na mchango wa fedha kwa ajili ya mahema, jenereta na vipaza sauti. Mchanganuo wa fedha umeambatishwa, ukionyesha pia sehemu tuliyokwisha kuchanga wenyewe, ambayo ni theluthi moja ya gharama zote. Mkiona fedha ni ngumu kwa sasa, vioo, aproni, taulo na mafuta vinatosha kuanzia mazungumzo.

Sasa upande wenu. Jina na nembo yenu vitakaa kwenye mabango yote, kwenye turubai la nyuma ya jukwaa na kwenye kila tangazo tutakaloweka mtandaoni kuanzia mwanzoni mwa Oktoba. Mshereheshaji atawataja kila saa. Hayo kila mwandaaji atawaahidi. Mimi nataka mtazame vioo.

Mtu anayesukwa anakaa saa mbili, tatu, wakati mwingine nne, ameangalia mbele. Simu ikiisha chaji, hana pa kuangalia ila kwenye kioo. Tunapendekeza nembo yenu ibandikwe kwenye kona ya juu ya kila kioo, ukubwa wa kiganja. Akimaliza, jambo la kwanza atakalofanya ni kujipiga picha kwenye kioo hichohicho na kuwatumia marafiki. Tulijifunza kitu mwaka jana: jina la mdhamini lilikuwa kwenye aproni peke yake, na kwenye picha zote za kioo likasomeka kinyumenyume. Mdhamini yule alinuna, na alikuwa na haki. Likibandikwa juu ya kioo chenyewe, litasomeka sawasawa. Aproni tunaziomba bado, kwa ajili ya picha za jukwaani.

Zaidi ya hapo, siku hiyo hakutakuwa na mafuta mengine ya nywele kwenye meza yoyote isipokuwa yenu, na wasusi wote 20 wamekubali kuweka chupa yenye lebo juu ya meza na kulitaja jina mteja akiuliza. Mtapewa kibanda karibu na geti, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite. Baada ya shughuli, vioo vitabaki kwenye saluni za mtaa pamoja na nembo yenu. Hapo ndipo faida yenu kubwa ilipo, maana kioo kizuri msusi hakitupi.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaahidi. Siwezi kusema mauzo yatapanda kwa kiasi gani. Pia picha za wateja hatutawapa kwa matangazo bila idhini ya maandishi ya mhusika, na kwa walio chini ya miaka 18, ya mzazi au mlezi. Fomu za idhini tutazigawa wakati wa kujiandikisha. Ndani ya siku 14 baada ya shughuli tutawaletea taarifa: idadi ya watu, picha zilizoruhusiwa, sampuli zilizogawiwa, na risiti za kila kilichonunuliwa kwa mchango wenu.

Tunaomba majibu ifikapo Ijumaa tarehe 18 Septemba 2026, kwa kuwa mchapishaji wa mabango anahitaji nembo wiki mbili kabla ya matangazo kuanza. Niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana na Jumamosi, ambazo ni siku zetu za wateja wengi. Nikija nitabeba kioo kimoja chenye nembo ya majaribio pamoja na kichupa kimoja kisicho na lebo, mjionee wenyewe.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Katibu,
Kamati ya Siku ya Urembo ya Mtaa

Viambatisho: mchanganuo wa gharama, mchoro wa uwanja ukionyesha kibanda cha mdhamini, picha 6 za mwaka jana, ikiwemo ile ya aproni.

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa, Mwalimu Mkuu, kwa taarifa kuhusu matumizi ya uwanja.