Jamvi la Karafuu

Bibi, ulitutoka msimu ukiwa katikati,
mikarafuu kumi na minne ya nyuma ya nyumba ikiwa bado haijaguswa,
na karafuu za bondeni zikiwa zimekwisha kuchumwa na kuchambuliwa lakini hazijakauka.
Ngoeko yako ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu na mtungi,
na ndani ya pakacha la mwisho kulikuwa na vishada ambavyo vilikuwa vimeanza kupiga wekundu,
rangi ile uliyotufundisha kuitambua kwa mbali,
kwa sababu karafuu ikiachwa juu ya mti siku chache zaidi hufunguka ua, na ua halina mnunuzi.

Mwosha alipotoka chumbani aliomba maji mengine ya moto na ndimu,
akasema mwili wote umetakata, isipokuwa kucha ya gumba la kulia.
Hatukushangaa.
Kwa gumba hilo ulikuwa ukizitenga karafuu na makonyo yake,
usiku kucha, miguu umeinyoosha, karabai inavuma mbele yako,
kiganja kimoja kikishika kishada na kingine kikikisukuma kwa mzunguko mdogo
uliokuwa mwepesi kiasi kwamba sisi wajukuu tuliona karafuu zikianguka tu, hatukuona zinavyoachia.
Mimi nilijaribu kukuigiza, nikachubuka.
Ulinipaka mafuta ya nazi, ukanirudishia kishada kilekile.

Wanaume walikubeba kwenda mazikoni, nasi tukabaki ndani.
Majamvi hayakutosha watu wa Mtambwe wote waliokuja,
hivyo tulikung'uta yale ya kuanikia, tukayatandika ukumbini,
na kila aliyekaa aliinuka akiwa na harufu yako katika kanga yake.
Kati ya ukili na ukili zilikuwa zimenasa karafuu za misimu iliyopita.
Nilichokoa moja kwa ukucha, nikaivunja karibu na sikio, kama ulivyokuwa ukifanya,
wewe ambaye hukuamini jua wala hesabu ya siku nne,
ukaamini mlio tu.
Ilivunjika kwa mlio mkavu. Mwanamke aliyekaa kando yangu alinitazama, nami nikaificha kiganjani.

Ulipenda kusimulia tufani ya 1872 kama mtu aliyekuwepo,
jinsi ilivyoilaza chini mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama,
habari iliyopita katika vinywa vya wanawake wanne kabla ya kukufikia wewe,
na kila ulipoisimulia uligonga shina la mkarafuu ulio karibu, kama anayemgonga ng'ombe wake mgongoni.
Lakini habari za magunia yaliyovushwa usiku kwenda upande wa Mombasa,
miaka ambayo bei ya hapa ilikuwa ya kutia uchungu,
hukuzisimulia, ulikuwa ukiuliza kama chai imechemka,
nami naziacha hapo ulipoziacha.

Siku ya pili ya msiba, Yasini ikisomwa barazani,
wingu lilipanda kutoka upande wa Wete.
Shangazi ndiye aliyeliona. Alijifunga kanga kiunoni, hakusema ila neno moja, "Karafuu!"
na wanawake wote, pamoja na yule mzee aliyekuwa akilia tangu alfajiri,
walitoka mbio na mafagio, na masinia, na mashuka, na beseni lililokuwa na mchele wa matanga,
wakazikusanya karafuu zako kutoka uani kabla tone la kwanza halijaanguka,
maana karafuu iliyonyeshewa huota ukungu, na wewe hukupata kupeleka kituoni karafuu yenye ukungu.
Wanaume hawakukatiza kisomo.
Nilimwona mmoja, hata hivyo, akisoma huku anavuta pembe ya jamvi kwa mguu.

Baada ya siku tatu jua lilirudi.
Tulizianika upya, tukazigeuza kwa reki yako yenye jino lililokatika,
na usiku tukachambua zile za nyuma ya nyumba, sote, bila kuitana,
kimya kikiwa kikubwa kuliko ulivyokiruhusu ulipokuwa hai.

Nilizipeleka kituoni mimi, magunia mawili.
Karani alitia mkono ndani, akanusa, akapima,
akafungua kitabu cha stakabadhi kwenye ukurasa wenye jina lako,
ambako kila msimu pana alama ya gumba,
ingawa Kurani uliisoma yote na barua za watu uliziandika kwa herufi za Kiarabu.
Aliuliza mwenyewe yuko wapi. Nilimwambia.
Aliinamisha kichwa, akasema ile kauli tunayoisema sote,
kisha akanisogezea kidau cha wino.
Gumba langu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi.